Risiti isiyo na jina la biashara yako hairudishi VAT

Ndugu mkulima msindikaji, kuna kikundi ninachokihudumia kinatengeneza sosi ya pilipili, na kimesajiliwa VAT. Walinunua chupa za shilingi 2,000,000, juu yake VAT asilimia 18, yaani 360,000. Kufika kwenye ritani wakakwama: risiti ya EFD ilikatwa kwa jina la dereva waliyemtuma.

Hapa Tanzania Bara, ile 360,000 ni kodi ya manunuzi. Unaipunguza kwenye kodi ya mauzo yako endapo tu una risiti halali inayokutaja wewe mnunuzi. Kwa hiyo kabla muuzaji hajabonyeza mashine, mpe jina la biashara, TIN na VRN yenu. Dereva apewe kikaratasi.

Risiti ikitoka, kagua hapohapo. VRN ya muuzaji ipo? Asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kuitoza, hivyo huna cha kudai. Tarehe, bidhaa na kiasi cha VAT vinaonekana? Kisha ihakiki kwenye verify.tra.go.tz.

Mwisho wa kudai ni miezi sita toka tarehe ya risiti. Na maandishi yake hufutika kwa joto, toa kopi siku hiyohiyo.