Fahamu: Chembechembe zinavyoumbua picha iliyobandikwa mtu

Ni nini?

Kila kamera huacha chembechembe kwenye picha, yaani tofauti ndogondogo za mwanga kati ya pikseli na pikseli. Mtu aliyepigwa picha usiku kwa ISO 1600 huwa na chembe nyingi. Akikatwa na kubandikwa kwenye uwanja uliopigwa mchana kwa ISO 100, chembe zake humfuata huko.

Zinapimwaje?

Picha hugawanywa vipande, mathalani vya pikseli 32 kwa 32. Kila kipande huondolewa maumbo makubwa, kisha hupimwa mtawanyiko wa kinachobaki. Tuseme shati la kijivu lina mtawanyiko wa 6, na ukuta wa kijivu kilekile nyuma yake una 2. Hapo pana shaka. Ni lazima kulinganisha sehemu laini zenye mwanga sawa, kwa sababu chembe hubadilika kadiri mwanga unavyobadilika. Nywele na majani hudanganya kipimo.

Mipaka yake

Baadhi ya simu hulainisha uso kuliko mandhari, na picha iliyopita WhatsApp hubanwa hadi chembe nyingi zikafutika. Kwa hiyo tofauti ya chembe peke yake haithibitishi kughushi. Omba kwanza faili halisi kutoka kwa mpigapicha.