Kadi za mshereheshaji wa Nyarero

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, wakati mvua za mchana zinaanza kuzoea vilima vya Tarime. Ndiyo maana mshereheshaji wa Nyarero huipanga ratiba kwa kurudi nyuma. Chakula kikiwa saa nane, mgeni rasmi aanze kuhutubia saa saba na robo, na risala ya wahitimu iwe imesomwa kabla ya hapo. Msafara ukichelewa, na mara nyingi huchelewa, apunguze ngoma na utambulisho, asiguse risala. Humo ndimo wahitimu wanamoombea madawati na bati, na mgeni hawezi kujibu ombi ambalo hajalisikia.

Anayeandika kila neno ataishia kusoma akiwa ameinamisha kichwa, na watu wataanza kuzungumza. Kadi zinamfaa zaidi, moja kwa kila kipengele. Juu yake huandika sentensi ya kufungua, pamoja na jina na cheo kamili cha anayeitwa. Chini huandika sentensi ya kukabidhi: "Baada ya wimbo huu, wahitimu wawili wasogee na risala yao." Katikati huacha wazi.

Uwazi huo hujazwa jioni ya kuamkia sherehe. Mshereheshaji humwuliza mwalimu wa zamu nani hutembea mbali zaidi kufika shuleni, nani hupiga litungu, na mzazi gani ametoka ng'ambo ya mpaka. Majibu huandikwa kama maswali kwa hadhira: "Nani ameamkia Sirari leo?" Mikono ikinyooka, mmoja atajibu kwa utani, na yeye ataudaka. Wasikilizaji watadhani amelifikiria palepale, kumbe swali lilikuwa kwenye kadi tangu jana.

Utani wenyewe una mpaka, na hapa sioni nafasi ya kujaribu bahati. Kumwita kijana "mura" huchangamsha uwanja, lakini kulinganisha ukoo na ukoo kwenye kipaza sauti ni jambo jingine. Mapigano ya koo ni miongoni mwa sababu zilizofanya Tarime na Rorya ziwe na kanda yake maalumu ya kipolisi. Mshereheshaji mgeni amwonyeshe mzee wa kijiji maswali yake mapema. Mzee akinyamaza kwenye moja, lifutwe.

Kinachokula muda kuliko vyote ni utambulisho. Orodha ya meza kuu aichukue kwa mtendaji wa kijiji, si kwa wapambe wa mgeni, na aikague tena wageni wakishaketi, kwa kuwa diwani anaweza kutuma mwakilishi. Wazazi wasimame kwa pamoja, wapigiwe makofi mara moja. Kila mmoja akipewa kipaza sauti ajitambulishe, hotuba itasomewa chini ya mvua.