Laki Sita na Voisi ya Dakika Nne

Ilikuwa voisi ya dakika 4 na sekunde 12. Niliirekodi jikoni saa nne usiku, mwishoni mwa Agosti, siku ambayo shule ilinikumbusha ada kwa mara ya pili. Niliituma kwa mdogo wangu aliyeko Tanga bila kuisikiliza tena. Alikuwa na laki sita zangu tangu Machi, alizochukua kutengenezea injini ya bodaboda.

Asubuhi kile kialama cha kipaza sauti kikageuka bluu, nikajua ameisikiliza. Jibu likaja kwa maandishi: "Sawa dada nimekuelewa." Baada ya hapo kimya, wiki mbili nzima.

Alikuja kunisimulia baadaye. Aliifungua kijiweni, kwa spika, maana hana visikilizio na hakujua ndani yake mna nini. Wenzake watano wakasikia dada mtu akisema watoto wanakaribia kurudishwa nyumbani kwa ajili yake. Ilipofika dakika ya pili, pale nilipoingiza habari za matanga ya baba na nani alichangia nini, akaizima. Kiasi nilichotaka na tarehe niliyoitaka vilikuwa dakika ya nne. Hajavisikia mpaka leo.

Kosa langu wengi wanalo. Tunadhani voisi ni simu iliyopunguzwa makali: sauti ipo, hisia zipo, na hakuna wa kukukatiza. Kumbe huko kukatizwa ndiko kunakotusaidia. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya mazungumzo katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba kwa wastani mtu hujibu ndani ya takribani sehemu moja ya tano ya sekunde baada ya mwenzake kunyamaza. Kwa kasi hiyo, mwenzako akichelewa hata kidogo unashtuka: neno limemchoma, au hana jibu. Unapunguza sauti, unauliza kwa njia nyingine. Kwenye voisi ishara hiyo haipo. Usiposikia "ndiyo dada" wala "lakini dada", unahisi hujaeleweka, unarudia, na kila ukirudia unapandisha. Dakika moja inakuwa nne, na mambo ya ada yanaishia kwenye matanga.

Anayepokea naye yuko kifungoni. Maandishi angeyapitia kwa jicho akaona 600,000 iko wapi. Voisi hawezi kuichungulia, na akiikimbiza mara mbili ili aimalize haraka, hasira ya dada inageuka kelele za katuni.

Je, ningeandika? Maandishi yana tatizo lake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani, ambapo wanafunzi walituma sentensi za kejeli na za kweli, nyingine kwa barua pepe, nyingine kwa sauti. Walioandika waliamini wasomaji wangeitambua kejeli mara 78 katika 100. Wasomaji wakapatia mara 56 tu, karibu sawa na kurusha shilingi hewani. Waliosikia sauti walikaribia robo tatu. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani anapoandika, halafu anasahau kwamba haikuingia kwenye meseji. Ile "Sawa dada nimekuelewa" niliisoma kama dharau. Yeye aliiandika mikono ikimtetemeka kwa aibu.

Kwa mswahili kuna jingine, nalo kwangu ni zito kuliko tafiti zote mbili. Simu hailiendei deni moja kwa moja, lazima salamu zipite kwanza. Za huko, watoto wazima, kazi zinakwendaje. Watu huona salamu zinapoteza vocha, lakini ndizo kipimajoto chetu. Zikiisha umeshajua kama yuko barabarani, kama amekaa na watu, kama ana homa, kama "nzuri" yake ni nzuri kweli. Kwenye meseji tunazikata: "Mambo, naomba ile hela." Umeingia nyumba ya mtu bila hodi.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza na meseji, ya kuomba nafasi tu: "Mdogo wangu, nataka tuongee kuhusu ile laki sita, tupange utakavyolipa. Ni kama dakika kumi. Nikupigie leo saa mbili usiku au kesho kabla hujaingia barabarani?" Nilitaja jambo lenyewe kwa makusudi. Ukimwandikia mtu "tuongee ukipata muda", atakesha akijiuliza nani amefariki. Muda aliuchagua mwenyewe, ili simu isimkute kijiweni.

Alichagua usiku. "Shikamoo dada" yake ilikuja imechelewa, chini chini, na hapo hapo nikajua tusianze na lawama. Nilipomuuliza anaweza kiasi gani kwa wiki, akasema haraka, "Hamsini." Haraka mno. Nikanyamaza. Kunyamaza kwenye simu ni kazi, mkono unatafuta neno la kujaza. Ndipo akasema injini ilikufa tena mwezi wa sita, pikipiki imelala, na sasa anaendesha ya mtu kama deiwaka: akishatoa hesabu ya tajiri na mafuta, kinachobaki ni chakula. Hamsini ilikuwa ya aibu. Tukashuka mpaka 30,000, ambayo kila mmoja aliiamini.

Baada ya kukata nikaandika: "Tumekubaliana 30,000 kila Jumamosi kuanzia tarehe 21, wiki 20, jumla 600,000. Wiki ikiwa mbaya utaniambia Ijumaa." Akajibu "Ndiyo dada." Maandishi yana nafasi yake hapo, mahali pa namba na tarehe ambazo kila mmoja atazikumbuka kivyake baada ya mwezi. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hapa Tanzania, hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Sina mpango wa kumpeleka mdogo wangu barazani. Kwa mpangaji au mfanyabiashara mwenzio, lijue hilo.

Simu si jibu la kila kitu. Mtu anayeshinda mabishano kwa kukufokea, au anayekutisha, mwandikie, nawe uyahifadhi maandishi yake. Msiba nao una utaratibu wake: piga simu, lakini kwanza mtafute aliye karibu naye, jirani au mwenzi wake. Ukilazimika kumpata mwenyewe, uliza yuko wapi na yuko na nani kabla ya neno lolote. Aliye juu ya pikipiki mwambie apaki kwanza.

Na voisi? Sikuitupa. Inafaa pale usipodai jibu: pole, shukrani, samahani. Iwe chini ya dakika moja, uisikilize mwenyewe kabla ya kutuma. Wasapu huacha siku mbili na ushei za kufuta ujumbe kwa wote, lakini alama kwamba umefuta inabaki, na anayeiona hubuni mabaya kuliko uliyoyasema.

Wiki ya tatu nilipokea moja kutoka Tanga, ya sekunde 22. "Dada, samahani kwa ile kimya. Niliona aibu." Nyuma yake pikipiki zilikuwa zinawashwa. Ijumaa ya wiki ya nne ikaingia meseji: "Dada wiki hii mbaya, mvua." Nikamjibu, "Sawa, Jumamosi ijayo basi."