Aljebra na Hesabu za Wasia

Jina la aljebra limetokana na kitabu kilichoandikwa Baghdad kati ya mwaka 813 na 833, wakati wa ukhalifa wa al-Maamun. Mwandishi wake, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alikiita muhtasari wa hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika utangulizi anasema amekusanya yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Mirathi na wasia vimetangulia kutajwa, wala si kwa bahati, kwani karibu nusu ya kitabu ni maswali ya wasia.

Mirathi ya kawaida haihitaji aljebra. Mtu akifa akaacha mke na wana wawili, mke hupata thumni, na wana hugawana sawasawa kinachobaki. Mali hukatwa mafungu 16, mke akachukua 2 na kila mwana 7. Ajuaye hesabu za sehemu ameshamaliza. Ugumu huanza pale ambapo fungu la mtu linategemea ukubwa wa mali, na ukubwa wa mali nao unategemea fungu lilelile. Hapo hakuna pa kuanzia, kwa kuwa kila kiasi kinasubiri kingine kijulikane.

Swali la kwanza la al-Khwarizmi katika sehemu hiyo liko hivyo hasa. Mtu amekufa akaacha wana wawili, na ameusia thuluthi ya mali yake apewe mtu asiye mrithi. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mwana mmoja alikuwa akidaiwa na baba yake dirhamu 10 nyingine. Mwana huyo halipi fedha. Fungu lake la urithi linakatwa kwenye deni. Basi ni kiasi gani cha deni kihesabiwe kuwa mali ya marehemu? Ni kiasi kilicho sawa na fungu lake. Na fungu lake ni kiasi gani? Haliwezi kujulikana kabla ya kujua mali yote ni kiasi gani.

Al-Khwarizmi anautoka mzunguko huo kwa kukipa jina kile asichokijua. Anakiita shay, yaani “kitu”, kisha anakihesabu kana kwamba kinajulikana. Mali ni 10 na kitu. Ikitolewa thuluthi ya wasia, zinabaki dirhamu 6 na thuluthi mbili, pamoja na thuluthi mbili za kitu. Wana wawili wakigawana, kila mmoja anapata dirhamu 3 na thuluthi moja, pamoja na thuluthi ya kitu. Lakini fungu la mwana mwenye deni ndicho kitu chenyewe. Kwa hiyo kitu kizima ni sawa na dirhamu 3 na thuluthi moja pamoja na thuluthi ya kitu. Thuluthi ya kitu iliyoko pande zote mbili huondolewa, na huko kuondoa kinacholingana ndiko al-muqabala. Zinabaki thuluthi mbili za kitu kwa dirhamu 3 na thuluthi moja, hivyo kitu ni 5. Zile dirhamu 10 taslimu hugawanywa nusu kwa nusu: 5 kwa aliyeusiwa, 5 kwa mwana asiye na deni. Mwenye deni amekwisha kupata 5 zake kwa kukatiwa deni.

Hesabu yote hii imeandikwa kwa maneno matupu. Kitabu hakina herufi zinazosimama badala ya namba, wala alama za kujumlisha na kutoa. Na kile kinachoitwa leo kipeo cha pili cha kitu, yaani kitu kilichozidishwa kwa chenyewe, al-Khwarizmi alikiita mal, neno lilelile lililokuja kuwa “mali” katika Kiswahili.

Swali la pili linaonyesha zaidi kwa nini wanasheria waliihitaji njia hii. Mwanamume aliye katika maradhi ya mauti anaoa, akatoa mahari ya dirhamu 100, na hana kingine. Mahari inayomstahili mwanamke wa hadhi ya mkewe ni 10. Mke anatangulia kufa, bila mtoto, akiwa ameusia thuluthi ya mali yake. Kisha mume naye anafariki. Dirhamu 10 ni haki kamili ya mke. Zile 90 za ziada ni zawadi ya mgonjwa aliye karibu kufa, na zawadi ya namna hiyo huhesabiwa kama wasia: haivuki thuluthi ya anachoacha mume, ili warithi wake wabaki na mara mbili ya zawadi.

Asiye mwangalifu atachukua thuluthi ya 90, aseme zawadi ni 30. Mke basi atakuwa na 40. Ukitoka wasia wake, 13 na thuluthi, kinachobaki hurudi nusu kwa mume, kwa sababu mume hurithi nusu ya mke asiye na mtoto. Nusu hiyo ni dirhamu 13 na thuluthi, na warithi wa mume wanafikisha 73 na thuluthi. Kosa linaonekana papo hapo: mara mbili ya 30 ni 60 tu, maana yake upande wa mke umepunjwa. Zawadi ikiongezwa, kiasi kinachorudi nacho kinaongezeka, na mgawaji atarekebisha tena na tena.

Sasa zawadi iitwe kitu. Mume anabakiwa na 90 kasoro kitu, na mke ana 10 na kitu. Baada ya wasia wa mke, nusu ya salio inayorudi kwa mume ni dirhamu 3 na thuluthi, pamoja na thuluthi ya kitu. Warithi wa mume kwa hiyo wana dirhamu 93 na thuluthi, kasoro thuluthi mbili za kitu, na hizo lazima ziwe sawa na vitu viwili. Upande mmoja una upungufu. Kuuziba upungufu huo, na kuongeza kiasi kilekile upande wa pili, ndiko al-jabr, neno ambalo kwa Kiarabu lina maana pia ya kuunga mfupa uliovunjika. Dirhamu 93 na thuluthi zinakuwa sawa na vitu viwili na thuluthi mbili za kitu, na kitu kinatoka 35. Kuhakiki ni rahisi: mke ana 45, anausia 15, 15 zinarudi kwa mume, na warithi wake wanapata 55 na 15, yaani 70, mara mbili kamili ya 35.

Haifai hata hivyo kusema kwamba aljebra yote imezaliwa na mirathi. Maswali ya wasia humalizika kwa kitu peke yake, bila mal. Milinganyo yenye mal imo katika sehemu ya kwanza ya kitabu, imepangwa pamoja na ile iliyo sahili zaidi katika aina sita na kuthibitishwa kwa michoro ya miraba, na maswali ya jamii hiyo yalikwisha kufumbuliwa na Wababeli kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Kilichotoka kwenye wasia ni mazoea ya kukipa jina kisichojulikana, kukipitisha katika kila hatua ya sheria, na kukikuta tena mwishoni.

Robert wa Chester alipokitafsiri kitabu kwa Kilatini mwaka 1145, huko Segovia, Hispania, sehemu ya wasia iliachwa nje. Wasomaji wa Ulaya wakaipokea aljebra isiyo na marehemu wala warithi. Frederic Rosen aliitoa sehemu hiyo kwa Kiingereza mwaka 1831, akaona baadhi ya masharti yake ni ya kubuni tu. Mwaka 1938 Solomon Gandz aliyapitia maswali hayo upya, akaonyesha kwamba masharti hayo yanafuata fikihi iliyokuwa ikitumika Iraki wakati ule.