Vifo vya Walowezi Mbele ya Wahakiki

Mwaka 2001, Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walitumia vifo vya Wazungu wa enzi za ukoloni kama kigezo cha kando, ili kupima iwapo taasisi bora huinua kipato cha nchi. Hoja yao ilikuwa kwamba maradhi yalipoua wengi, walowezi walikaa wachache na utawala ukawa wa kunyonya tu. David Albouy alizitilia shaka takwimu hizo: kati ya nchi 64, ni 28 tu zilizokuwa na takwimu za ndani ya mipaka yake, nyingine ziliazimwa kwingine.

Majibu ya mwaka 2012 hayakuishia kutetea vyanzo. Mali ilipewa vifo 2,940 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, idadi inayopita kikosi chenyewe, kwa kuwa hesabu huchukulia kila aliyekufa amejaziwa mwingine. Viwango vya namna hiyo vilikatiwa kwenye 250, na matokeo yakasimama.

Kipimo hicho kina uzito, maana huzuia nchi chache kuvuta hesabu nzima upande wao. Hata hivyo, hakionyeshi kwamba maradhi ya zamani hayagusi kipato cha leo kwa njia nyingine, mathalani malaria. Hilo lilitetewa kwa hoja ya kitabibu: wenyeji watu wazima walikuwa na kinga ambayo wageni hawakuwa nayo.