Zamu ya Kwanza na Zamu ya Kumi

Tuchukue akina mama kumi wa sokoni Dar es Salaam wanaocheza mchezo wa laki moja kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi kijumbe anapita na daftari lake, anakusanya, na shilingi milioni moja inakwenda kwa mwenye zamu. Mwezi wa kumi ukiisha, kila mmoja ametoa milioni na kila mmoja amepokea milioni. Riba haipo, ndiyo maana husemwa kwamba upatu hauna mkubwa wala mdogo. Daftarini ni kweli. Mfukoni sivyo.

Mwenye zamu ya kwanza siku anapokabidhiwa milioni ile, chake humo ni laki moja tu. Laki tisa ni za wenzake. Amekopeshwa bila riba, bila dhamana na bila kujaza fomu, na atazirudisha laki laki kwa miezi tisa. Mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki angeondoka na 450,000 za ziada kwa mkopo wa namna hiyo. Mama huyu akinunua friji na kuanza kuuza juisi na maji baridi, huenda michango yake iliyobaki ikalipwa na friji lenyewe.

Wa zamu ya kumi ni kinyume chake. Kabla ya kupokea hata senti, ameshawapa wenzake laki tisa, naye hakulipwa chochote kwa kuwakopesha. Angeficha laki yake nyumbani kila mwezi, siku ileile angekuwa na milioni ileile. Wachumi Besley, Coate na Loury waliliandika jambo hili mwaka 1993: katika upatu kila mtu anazipata fedha mapema kuliko angejiwekea peke yake, isipokuwa wa mwisho.

Mbona basi anacheza? Kwa sababu laki iliyofichwa nyumbani haifiki mwezi wa kumi. Ina karo, ina msiba wa shangazi, ina mume aliyekwisha jua ilipo. Anderson na Baland, waliochunguza vikundi vya Kibera, Nairobi, walieleza mwaka 2002 kwamba wanawake walioolewa huingia humo hasa ili akiba yao isifikiwe na waume zao. Kwa mtu wa namna hiyo, hata zamu ya kumi ina faida.

Lakini wa mwisho anabeba pia hatari ambayo wa kwanza haijui. Tuseme baada ya mwezi wa sita, wa zamu ya kwanza na wa tatu wanaacha kutoa. Kila mmoja ametoa laki sita na amekula milioni. Kuanzia hapo, wenye zamu ya saba hadi ya kumi wanapokea laki nane nane badala ya milioni. Laki nane walizopoteza wanne hao ndizo zilizobaki mikononi mwa wawili wale. Anayeacha kabla ya kula hana madhara makubwa. Hutafutiwa mbadala, akarudishiwa chake mwishoni. Wa kuogopwa ni aliyekwisha kula.

Ndiyo maana kijumbe mwenye akili humweka mgeni mwishoni, na za mwanzo huwapa watu ambao anajua nyumba zao na biashara zao. Mara nyingi zamu ya kwanza huichukua mwenyewe kama malipo ya usumbufu, na kwa hesabu tuliyoiona, hayo si malipo madogo. Dalili za kuharibika huonekana mapema: fedha inatolewa nusu leo na nusu wiki ijayo, au mwanachama anabembeleza kusogezwa mbele huku akicheza michezo mingine mitatu. Daftari lisiloonyeshwa nalo ni jibu tosha.

Je, anayesubiri anaweza kulipwa kwa kusubiri kwake? India wanayo njia, na sheria yake ya mwaka 1982: zamu hupigwa mnada. Mwenye haraka hukubali kupokea, tuseme, laki nane na nusu, na laki moja na nusu iliyobaki hugawanywa kwa wote baada ya msimamizi kukata ujira wake. Kwetu watu hubadilishana zamu kwa siri na kupeana kifuta jasho, na bei huwa ya kienyeji mno. Anayetoka zamu ya nane kwenda ya pili kwa kumpa mwenzake elfu ishirini amepata milioni miezi sita mapema kwa bei ya kutupa.

Vikundi vingine hugeuza orodha mzunguko wa pili, wa kumi akawa wa kwanza. Kwenye karatasi hiyo ni haki kabisa. Tatizo ni kwamba aliyeanza kula, mzunguko wa kwanza ukifungwa, hadaiwi tena na mtu, na sasa anatakiwa kusubiri hadi mwezi wa ishirini. Hapo ndipo safari za kijijini zinapoanza, na simu hazipokelewi.