Masika, chemba na tripu ya pili Ngarenaro

Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, wenye magari ya kunyonya majitaka Arusha hupata kazi mfululizo. Ngarenaro, ambako nyumba zimesongamana na wapangaji wengi hutumia choo kimoja, simu huwa ileile: majitaka yametoka kwenye tundu la bafu na yanaelekea vyumbani. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika umepanua mtandao wa majitaka wa AUWSA, lakini makaro bado ni mengi, na gari hulipwa kwa tripu.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Udongo uliolowa haunyonyi tena, na maji ya ardhini hupenya na kulijaza upya karo lililonyonywa jana. Tripu ya pili inalipiwa bila chanzo kuguswa.

Mara nyingi chanzo kiko juu ya paa. Chukua nyumba yenye paa la mita 100 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwa saa moja huliangushia lita 2,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 70, hutoa lita 420 kwa siku. Bomba la mifereji ya paa likiunganishwa kwenye chemba, mfumo unabebeshwa mzigo wa karibu siku tano kwa saa moja, na maji yanapokosa njia hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote.

Fundi mwangalifu kwanza hufunua chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa tupu ilhali choo kimefurika, bomba limeziba kati ya nyumba na chemba. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele: karo au bomba kuu. Kwa nyumba iliyounganishwa na bomba kuu, valvu ya kuzuia maji kurudi husaidia, mradi isafishwe, maana kitambaa kimoja huiacha wazi. Ikiwa imejifunga, msioge wala kufua, kwani maji yenu nayo hayatatoka. Kutenga maji ya paa kwa mabomba yake ni kazi ya mara moja, nami naona ndiyo ingetangulia kulipiwa.

Majitaka yakishaingia, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga maji, ila kama swichi yenyewe imezungukwa na maji, usiisogelee. Watoto watoke. Vaa buti na glavu, funika vidonda: maji hayo hubeba kipindupindu na homa ya matumbo, na mkojo wa panya huleta homa ya mgunda, iliyoua watu Lindi mwaka 2022. Zoa tope, kisha sugua kwa sabuni, kwa sababu klorini humalizwa nguvu na uchafu. Ndipo uchanganye kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vikombe sita vya maji, umwagie sakafu na uache dakika kumi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya sumu. Magodoro ya sponji yaliyolowa yatupwe. Mayai ya minyoo hayafi kwa jiki, kwa hiyo tope lote lizolewe, hata lile la kwenye pembe za kuta.